Saba na Moja Chini ya Lori

Nilifanya ukarani kwa wakili mmoja pale Makambako miaka kumi na moja, na kwa miaka yote hiyo kulikuwa na watu walioniona king'ang'anizi. Sikuwahi kukataa. Mkataba wa mauziano ya gari ukipita mikononi mwangu, mnunuzi anatoa jasho, muuzaji anaangalia saa, na wakili anaita kutoka chumba cha ndani, "Dada, bado tu?" Bado. Majina ya watu yakikosewa herufi moja, mwenyewe atapiga kelele hapo hapo. Namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye fremu ya gari, haina mdomo. Ikikosewa inanyamaza, ikingoja siku mbaya.

Nilikuwa na sheria zangu, na mtu akizivunja mezani kwangu nilikasirika waziwazi. Ya kwanza, namba husomwa tarakimu moja moja. Ukiniambia "sitini na tano" nitakuuliza, ni sita-tano, au ni sita-sifuri-tano? Maana nimeshaona mtu akiandika sitini, halafu tano, kama alivyosikia. Ya pili, hatusemi "oo." Kama ni sifuri, sema sifuri, kwa sababu kuna mwingine ataandika herufi. Ya tatu ni ya namba ya usajili: B ni ya baba, D ni ya dada, E ni ya embe. Upepo wa Makambako ukigonga mabati, B na D na E zote zinakuwa mtoto mmoja. Na ya nne, ambayo watu waliicheka kuliko zote: ukimaliza kusoma kwenda mbele, unasoma tena kurudi nyuma, kuanzia tarakimu ya mwisho. Ukienda mbele, jicho linakimbilia kile linachotegemea kukiona. Ukirudi nyuma halina njia ya mkato.

Siku ninayoikumbuka alikuja mama mmoja kutoka Matembwe. Alikuwa mjane, amevaa koti la mume juu ya kitenge, na mikono imekauka kama ya mtu aliyebeba mbao maisha yake yote. Yeye na marehemu walikuwa wamepanda shamba la misindano, miti ya mbao. Sasa alikuwa amelivuna lote ili anunue lori la tani tatu na nusu, abebe mbao zake na za majirani, asiwapigie tena magoti wenye malori. Alinieleza hayo kabla hajakaa. "Kamwene," alinisalimia kwa lugha ya kwao, kisha akaongeza, "miti imeisha, mwanangu. Hili lori ndilo shamba langu sasa."

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara wa viazi wa pale pale mjini, mcheshi, mwenye haraka. Mkataba alikuwa amekuja nao, umeshachapwa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi. Alitaka muhuri tu.

"Mpelekee wakili, dada, dakika mbili," aliniambia.

"Dakika mbili ni za chai," nikamjibu. "Mama, shika kadi ya gari, unisomee."

Mama alisoma polepole, darasa la nne la zamani, kila tarakimu akiigusa kwa kidole. Mimi nilifuata kwenye mkataba kwa ncha ya penseli. Namba ya usajili, sawa. Namba ya injini, sawa, mbele na nyuma. Chesisi, kwenda mbele, sote wawili tuliona sawa. Herufi zile za mwanzo, kistari, halafu tarakimu sita. Nikamwambia aanze mwishoni.

"Tatu," akasema. "Saba."

Penseli yangu ilikuwa juu ya moja.

"Rudia, mama."

"Tatu. Saba. Moja. Nne."

Kwenye mkataba ilikuwa tatu, moja, saba, nne. Kadi iliishia 504173. Mkataba uliishia 504713. Saba na moja zilikuwa zimebadilishana viti.

Muuzaji alicheka. Akatoa simu, akajumlisha tarakimu za kadi, akajumlisha za mkataba, akanionyesha kioo. "Ishirini, na hii ishirini. Zinalingana, dada. Hata idadi ni ile ile."

"Jumla haijui nani katangulia," nikamwambia. Na ndivyo ilivyo. Kuhesabu tarakimu kutakuonyesha iliyodondoka, kujumlisha kunaweza kukuonyesha iliyogeuka kuwa nyingine, lakini mbili zikipishana, hesabu zote mbili zitakuapia kwamba kila kitu ni salama.

Wakili alitoka, akaangalia, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Basi sahihisha mkataba ufuate kadi, wote waweke saini, tumalize."

Nakiri, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta. Ndivyo nilivyozoea: kadi ndiyo mkubwa, mkataba ni mtoto, mtoto akikosea anarekebishwa. Kilichonizuia ni swali dogo. Nilimuuliza muuzaji, aliyechapa mkataba aliipata wapi namba?

"Dereva wangu alimsomea kwenye simu. Kadi ilikuwa nyumbani, akaingia chini ya lori, akaisoma namba kwenye fremu."

Hapo niliuondoa mkono kwenye kompyuta. Maana basi mkataba haukukosea kunakili kadi. Mkataba haukuwahi kuiona kadi.

Nikachukua karatasi nyeupe, penseli, na kitambaa chenye mafuta ya taa. Lori lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara. Wakili aliniita kwa sauti ambayo kwa kawaida ningeigeukia. Sikugeuka. Nilitandika gunia, nikalala chini nikiwa na sketi yangu ya kazini, kwenye tope la barabara ya Songea, nikasugua fremu upande wa kulia, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Wapiga debe walishangilia. Nikawaambia wakishangilia vizuri nitawanunulia pipi.

Namba ilitoka chini ya grisi. Sikuyaamini macho yangu peke yake. Nililaza karatasi juu yake, nikapaka penseli ubapa, na chuma chenyewe kikajiandika: nne, saba, moja, tatu. Mkataba ulikuwa sahihi. Kadi ndiyo iliyokuwa na kosa. Nadhani siku lori linasajiliwa kuna mtu alimsomea mwenzake kwa mafungu, ulimi ukasema kimoja na mkono ukaandika kingine. Sina ushahidi. Lakini chuma nilikuwa nacho mkononi.

Tulirudi ndani, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Muuzaji aliacha kucheka.

"Nimeliendesha miaka minne," alisema. "Hakuna aliyewahi kulala chini kuangalia."

"Mimi nimelala."

"Andika ya kwenye kadi. Ofisi ya mapato watakubali, watahamisha umiliki, mama ataondoka na lori lake leo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Karatasi na karatasi zingelingana. Kila dirisha lingefunguka. Mama angebeba mbao mwaka, pengine miwili, hadi siku mkaguzi wa trafiki atakapoinama na tochi. Kadi inasema hivi, chuma kinasema vile, na jina lililo kwenye kadi ni la mjane wa Matembwe. Lori lingelazwa kituoni. Na yeye angeulizwa gari hili ni la nani, na lile lililo kwenye kadi liko wapi. Nilimweleza yote hayo, kwa maneno hayo hayo, na sikupunguza sauti.

Muuzaji alisema namtisha mama wa watu. Wakili alisema sisi si polisi. Nikasema kweli, sisi si polisi, polisi watakuja baadaye.

"Chapa," wakili aliniambia. "Ni maagizo."

"Sichapi."

Sijui nilikuwa na ujasiri wa namna gani. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba. Nilikuwa nimekasirika tu, na hasira ile ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Wakili aliketi kwenye kiti changu, akachapa mwenyewe, kwa vidole viwili, namba ya kadi. Mashine ikatoa karatasi. Akaiweka mbele ya mama na kalamu juu yake.

Mama alinitazama. Nilitaka kumwambia asitie saini, lakini miti ilikuwa yake. Nilichofanya ni kumsogezea ile karatasi ya penseli. Akaiweka chini ya mstari wa chesisi, kidole kimoja huku, kingine kule, akaanza mwishoni. Midomo yake ilitembea. Alipofika kwenye ya pili vidole vyake vilisimama.

Alisukuma mkataba hadi kwa wakili, kwa adabu kabisa.

"Baba, hili si lori lililo pale nje," alisema. "Nimepanda miti miaka kumi na nane. Siwezi kununua lori ambalo halipo."

Muuzaji alimwambia kuna wateja wengine. Mama akamwambia awaite, atawasomea na wao. Kalamu aliilaza mezani, akafunga vifungo vya koti, akaondoka kutafuta gari la Njombe.

Jioni ile wakili aliniambia nifikirie kama kazi bado naihitaji. Nikamwambia naihitaji sana, ndiyo maana naifanya. Asubuhi nilifungua ofisi kama kawaida, na yeye akaingia kama kawaida, ila hatukusalimiana hadi saa nne.

Wateja wengine, kama walikuwepo, nao walianza kutaka kuona fremu. Mji wetu si mkubwa, na wapiga debe wana midomo. Muuzaji alilazimika kuandika barua ofisi ya mapato Njombe, lori likakaguliwa, na kadi ikasahihishwa. Wiki ya tano alirudi na kadi mpya, mpole, na mama akaja na basi la asubuhi. Mkataba niliuchapa mimi. Niliusoma mara nne, mbele na nyuma, na nilikuwa tayari kuapa.

Wakili alishauinua muhuri. Mama akamwomba angoje. Tope lilikuwa limemganda kwenye magoti na kwenye kiwiko cha koti, na mfukoni alikuwa na karatasi yake, aliyoipaka mwenyewe kwa penseli yake kabla hajaingia. Akaikunjua. Akaweka kadi upande mmoja na mkataba upande mwingine, akaanza kusoma kwa sauti, kutoka mwisho, tarakimu moja moja, sote watatu tukiwa tumesimama. Muuzaji akaangalia saa. Wakili, muhuri ukiwa bado hewani, akakohoa kidogo.

Mama aliinua uso.

"Mmenichanganya," alisema. "Naanza upya."