Picha Moja Kila Saa

Dirisha la karakana yangu Githongo, Meru, liko orofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ng'ambo ya barabara ndipo kanisa letu lilipoamua kujenga ukumbi. Ndiyo sababu niliombwa mimi. Kazi yangu ni kutengeneza redio, simu na televisheni. Upigaji picha nilijifundisha polepole, kwa kusoma na kwa kuharibu.

Kamati ya ujenzi ilitaka filamu fupi inayoonyesha ukumbi ukiota kutoka ardhini, ya kuonyeshwa siku ya kuufungua. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mama ambaye sote, hata mchungaji, tulimwita Mwalimu.

Nilianza na hesabu. Ujenzi ungechukua miezi minne. Nikipiga picha moja kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ningepata picha kumi na moja kwa siku. Filamu hula picha ishirini na tano kwa sekunde moja, kwa hiyo miezi minne ingekuwa chini kidogo ya dakika moja. Hakuna mtu anayechoka kutazama kitu cha dakika moja. Nikachagua saa.

Jambo la pili lilikuwa kuzuia picha kupepesa. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, kila picha huamua lake: wingu likipita inafungua, fundi mwenye shati jeupe akisimama mbele inabana, na filamu inawaka na kuzima kama balbu iliyolegea. Nikaiondolea kamera uamuzi wote. Mwanga, rangi na umbali nilivifunga kwa mkono. Tundu la lenzi nililiacha wazi kabisa, kwa sababu likibanwa halirudi mahali palepale kila mara. Kilichobaki ni mawingu ya mlimani, ambayo siwezi kuyafunga. Hayo niliyaachia programu ya kompyuta inayosawazisha mwanga wa picha moja na nyingine. Programu ilitaka nichague sehemu moja ya picha iwe kipimo chake. Nikachagua slabu ya zege ya sakafuni, kwa kuwa ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikubwa na hakitembei.

Slabu ilikuwa imemwagwa Jumatano. Wiki ya tatu ikapata ufa, mwembamba lakini mrefu, kutoka nguzo ya kati hadi karibu na mlango.

Fundi mkuu alikuwa ametoka upande wa Embu, mtu mpole wa makamo ambaye ugomvi wake mkubwa ulikuwa kwamba chai ya Meru ina maziwa mengi kuliko majani. Kila mtu anayejenga anajua zege lisipomwagiliwa siku za kwanza hukauka haraka na kupasuka. Wanakamati wakasema hakumwagilia. Yeye akasema alimwagilia asubuhi, mchana na jioni.

"Basi si tuna kamera?" akasema Mwalimu. "Tuione."

Wakapanda karakanani, watu watano na fundi. Wiki tatu zilikuwa sekunde tisa. Tulizitazama mara sita. Mawe yaliruka juu, vibarua walitokea na kupotea, na slabu ilikaa katikati, ya kijivu kilekile kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna picha hata moja iliyomwonyesha fundi na mpira wa maji.

"Fundi, huyo wa kumwagilia ni malaika?" akauliza mwekahazina wa kamati. "Maana haonekani."

"Nilikuwa namwagilia, mzee. Hata hao vibarua waulize walikuta nini kila asubuhi."

"Vibarua ni wako. Watasema nini?"

Mwalimu hakucheka. Alisema kamati ingekutana kesho yake saa nne, na kama hakuna jipya, fundi afunge vyombo vyake. Fundi alibaki nyuma wengine walipoteremka.

"Wakinifukuza kazi ya kanisa," akaniambia, "nani mwingine hapa atanipa hata choo nijenge?"

Nikamuuliza saa alizokuwa akimwagilia. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, akasema, kabla vibarua hawajafika. Mchana saa sita na robo, wakienda kula. Jioni saa kumi na moja na nusu, baada ya kazi. Nikaandika saa hizo kwenye karatasi na chini yake nikaandika saa za kamera. Hazikukutana popote. Kamera yangu ilikuwa imefumba macho kila mara aliposhika mpira.

Hilo lilionyesha tu kwamba filamu haikujua. Halikuonyesha kwamba alimwagilia. Kesho yake asubuhi, kabla ya mkutano, ndipo nilipofikiria ile rangi ya kijivu isiyobadilika. Zege lililolowa ni jeusi kuliko zege kavu. Kama slabu ililowa ikakauka mara tatu kwa siku, ingepaswa kubadilika. Nami nilikuwa nimeiambia programu kwamba slabu haibadiliki, na programu ikanitii. Kila slabu ilipofanya giza, iliongeza mwanga hadi ikafanana na ile ya jana.

Nikafungua picha za awali, ambazo sikuwa nimezigusa. Ili nisidanganywe na mawingu, nililinganisha slabu na ukuta wa mawe wa kanisa la zamani ulioko pembeni ya picha. Wingu likipita, vyote viwili vinafanya giza. Maji yakimwagwa, ni slabu peke yake. Alhamisi saa moja, slabu nyeusi. Saa tano imekauka. Saa sita bado kavu, saa saba nyeusi tena. Ijumaa hivyohivyo. Jumatatu na siku zilizofuata hivyohivyo.

Jumamosi na Jumapili ilikuwa kavu kutwa.

 Ningeweza kuonyesha Alhamisi na kunyamaza. Saa nne nikawaonyesha zote, kwanza nikieleza kosa langu.

"Jumamosi ulikuwa wapi?" Mwalimu akamuuliza fundi.

"Kanisani, Mwalimu. Sisi tunasali Jumamosi. Ijumaa jioni niliiacha imelowa nikaenda nyumbani. Ilifaa niwaagize vibarua, na sikuwaagiza. Hilo ni langu."

"Na Jumapili?"

Fundi akatazama sakafu. "Nilikuja saa kumi na mbili. Geti lilikuwa na kufuli."

 Ilikuwa kanuni ya kamati: Jumapili hakuna kazi kwenye uwanja wa kanisa, na geti hufungwa Jumamosi jioni hadi Jumatatu.

"Ufunguo ninao mimi," akasema Mwalimu. "Mbona hukuja kuniamsha?"

"Mwalimu, nije kukuamsha siku ya ibada nikuombe nifanye kazi?"

Hapo Mwalimu akacheka, kidogo tu, na wengine wakamfuata. Fundi hakufukuzwa. Alichonga ule ufa ukawa mfereji, akauosha na kuujaza upya, na kwa siku saba slabu ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa.

Mimi nikapunguza muda kati ya picha hadi dakika kumi. Filamu bado hutumia picha moja kati ya sita, lakini hizo nyingine huwa nazihifadhi. Kipimo cha mwanga nikakihamishia kwenye ukuta wa mawe.

Zege la boriti za juu Mwalimu aliagiza limwagwe Jumatatu, ili siku tano za kwanza zisiguse ibada ya mtu yeyote. Ijumaa saa kumi alivuka barabara akamkabidhi kibarua mmoja ufunguo wa geti, fundi akiwa amesimama pale anasikiliza.

"Jumamosi utamwagilia badala ya fundi," akamwambia. "Na Jumapili utamwagilia badala yangu, maana aliyefunga geti ni mimi."