Kurasa 42 Hadi 45

Mwalimu Ednah alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, na karibu kila mtu upande ule wa Runyenjes alifundishwa naye kusoma. Kwa hiyo chama cha maji kilipojenga ofisi mpya na kutaka historia ya mfereji wao itundikwe ukutani, mwenyekiti Njuki alimpelekea sanduku la bati.

Ndani mlikuwa na kumbukumbu za mikutano ya wachimbaji wa kwanza. Paa la stoo lilikuwa limevuja juu yake miaka mingi. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, mchwa walikuwa wamekula pembe, na kurasa nyingine zilikuwa zimeshikana.

Hakuharakisha. Zilizoshikana alizianika kivulini, na zisizoachana aliziacha hivyo hivyo. Kila ukurasa aliupiga picha kwa simu kabla ya kuugusa tena, akaupa namba kwa penseli laini pembeni. Maandishi hafifu aliyasoma asubuhi, ameinamisha karatasi dirishani ili jua lipite juu yake kwa ubavu. Kisha akaandika orodha: tarehe kwanza, halafu jambo lenyewe kwa sentensi moja au mbili. Ukurasa usio na tarehe aliupanga kwa kilichomo, akaongeza: "[Tarehe imekisiwa. Ni kabla ya Machi 1967, maana mwekahazina wa zamani bado anatajwa.]"

Siku moja akafika hapa:

"9 Mei 1968. Zamu ya Jumanne imepewa ukingo wa juu. [Mistari minne ya mwisho haisomeki: doa la maji.]"

Ukurasa huo katibu wa zamani alikuwa ameupa namba 41. Uliofuata ulikuwa 46, wa Novemba: "Kazi imeanza tena."

Ednah alipekua sanduku lote, akakung'uta hata gazeti lililotandikwa chini. Kurasa nne za katikati hazikuwepo. Alikaa pale mpaka uji wake ukapoa. Babake alikuwa wa zamu ya Jumanne. Ukingo ulimwangukia na kumuua mwezi wa Juni mwaka ule, Ednah akiwa na miaka saba.

Akaandika: "[Kurasa 42 hadi 45 hazipo. Kati ya 9 Mei na Novemba 1968 hakuna kumbukumbu.]"

Njuki alipokuja kuchukua kazi, aliweka kidole hapo.

"Mwalimu, hapa si unajua kilichotokea? Jaza tu. Watu watasema tumeficha kitu."

"Ninajua nilichoambiwa, Mwenyekiti."

"Na si ni baba yako?"

"Ndiyo maana naogopa kujaza."

Mamake alimwambia kwamba babake alirudi chini ya ukingo kumtoa mwenzake. Ednah alikuwa ameishi na hadithi hiyo maisha yake yote, na kalamu ilikuwa mkononi. Sentensi moja tu, na ingesimama ukutani pamoja na nyingine, kana kwamba katibu ndiye aliyeiandika. Usiku ule aliiandika kwenye karatasi ya pembeni, akaisoma, akaikunja.

Kwenye mkutano wa wanachama aliisoma orodha kwa sauti yake ya darasani. Alipofika "kurasa 42 hadi 45 hazipo", Kanini, bibi kizee aliyekuwa akiwapelekea wachimbaji chakula, alinyanyua mkono.

"Mimi nilikuwepo. Kulikuwa kumenyesha. Baba yako hakutaka kwenda siku ile, Ednah. Aliumwa kichwa. Wenzake wakambembeleza, akachukua jembe."

"Alirudi kumtoa mtu, Cucu?" Ednah alimwuliza nyanya huyo.

Kanini alifikiri. "Hilo sikuliona. Nilisikia tu udongo."

Ednah alimwona babake kwa namna ambayo hakuwahi kumwona: mtu amejishika kipaji cha uso, hataki kutoka nyumbani. Mtu huyu alikuwa karibu naye kuliko yule shujaa wa hadithi ya mamake.

Alichukua karatasi nyingine, akaandika juu: "Yaliyosimuliwa, si ya kumbukumbu." Akaandika maneno ya Kanini, jina lake na tarehe ya mkutano. Mzee mmoja akasema hakukuwa na mvua kabisa. Hayo pia akayaandika, na jina lake. Mwisho akakunjua ile karatasi yake, akanakili: "Alirudi kumtoa mwenzake. Imesimuliwa na Ednah, aliyeambiwa na mamake."

Njuki alisoma karatasi ile mara mbili. "Hazikubaliani," alisema.

"Hazikubaliani," Ednah akajibu.

Njuki alikuna kichwa, kisha akaenda kumwambia fundi wa fremu kwamba zitakuwa mbili: moja ya kumbukumbu, moja ya yaliyosimuliwa.