Mahafali Ndani ya Skrinshoti

Mama Wembe alikuwa msusi hodari, na hilo hata maadui zake walilikubali, ingawa kwa sauti ya chini. Jina hilo hakulipata kwa kunyoa watu. Alilipata kwa ulimi. Mteja akiingia saluni na nywele zilizokatika, haambiwi karibu. Anaulizwa kama amegombana na panya. Wateja walirudi hata hivyo, maana mkono wake ulisuka mistari iliyonyooka kuliko maneno yake.

Kwenye kona ya saluni ile alikaa binti wa kucha, aliyepangishwa na Mama Wembe meza moja na kiti kimoja. Mama Wembe alimwita Kichwa Maji, mbele ya wateja na nyuma yao. Binti hakujibu. Alipaka rangi, akapuliza, akanyamaza. Mama Wembe alidhani ukimya ule ni ujinga.

Basi Jumamosi moja binti wa pekee wa Mama Wembe alikuwa anahitimu uuguzi. Chuo kilikuwa mbali, ukumbi ulikuwa mdogo, na kila mhitimu aliruhusiwa mgeni mmoja tu. Nafasi ile akapewa shangazi mtu, aliyekaa na mhitimu miaka yote ya masomo. Mama Wembe alisema haimuumi, akasema hivyo wiki nzima kwa kila aliyeketi kwenye kiti chake. Faraja ilikuwa moja: sherehe ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni. Asubuhi ile binti yake alimtumia skrinshoti ya kadi ya mwaliko yenye msimbo wa QR, na chini ya picha akaandika, "Mama, skani hiyo QR utaniona. Nazima simu sasa, tunaingia ukumbini."

Mama Wembe alikuwa kamsuka mwalimu mmoja nusu kichwa. Aliacha chanuo linaning'inia kwenye nywele za mwalimu, akafungua kamera ya simu, akaitafuta ile kadi. Kadi ikatoweka. Akaifungua kadi; kamera ikatoweka.

"Hiki chuo kinafundisha uuguzi au uchawi?" akauliza.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha kitu popote. Alikuwa na miwani, kalamu mfukoni, na maoni.

"Lete hapa, shemeji," alisema. "Mambo ya teknolojia hayataki hasira."

"Hayataki na uongo pia. Shika."

Profesa aliinua simu juu, akaishusha, akaisogeza mbali kama mtu anayesoma dawa. Kisha akatazama vioo vikubwa vya saluni, uso ukamng'aa. Akasimama mbele ya kioo, akafungua kamera. Kamera ya nyuma ikamwonyesha mgongo wa simu na kifuniko chake kilichochanika.

"Umegundua simu ina mgongo," alisema Mama Wembe. "Tukupe na wewe cheti?"

Profesa hakukata tamaa. Alitumia kamera ya mbele, akaielekeza skrini kwenye kioo. Sasa kioo kikaonyesha skrini, na ndani ya skrini akaonekana Profesa mwenyewe na miwani yake, maana kamera ilipowaka, kadi ilikuwa imekwisha kufunikwa. Mwalimu, kichwa chake nusu kimesukwa na nusu kimesimama kama kimeshtuka, alicheka mpaka akashika kiti.

"Dawa yake ni simu ya pili," Profesa akasema hatimaye. "Kadi tuitume huko, halafu hii yako iisome kutoka kule."

Lilikuwa neno la maana, la kwanza kwake tangu aingie. Lakini simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji, na ya mwalimu ilikuwa ya vitufe. Profesa akageuza shingo kumtazama binti wa kucha.

"Huyo?" Mama Wembe akadakia. "Huyo muulize rangi ya waridi. Simu yenyewe anaitumia kujitazama meno."

Binti wa kucha alikuwa ameshainua kichwa. Akakiinamisha tena, akaendelea kupanga chupa zake.

Profesa akaona chini ya ile QR kuna anwani ya tovuti, herufi ndogondogo. Akaigusa. Haikufunguka, kwani kiungo kilichopigwa picha ni picha tu, sawa na chapati iliyochorwa ukutani. Akaamua kuinakili kwa mkono na kuiandika mwenyewe. Sifuri akaiandika O, moja akaifanya L. Akarudia na kurudia mpaka saa nzima ikapita, na kila mara simu ikajibu kwamba ukurasa huo haupo.

"Haupo!" Profesa akatangaza, kama vile chuo ndicho kilichokosea.

"Wewe ndiye usiyekuwepo," alisema Mama Wembe. "Mwanangu anaitwa jukwaani, mimi niko hapa na wewe unapiga picha kioo." Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikatika katikati. Akageuka upande, akajifanya anatafuta taulo.

Binti wa kucha akaweka chupa chini.

"Mama, nipe simu," alisema.

Mama Wembe alifungua mdomo. Watu wote waliona tusi likifika mlangoni, likageuka, likarudi ndani. Akampa.

Binti aliihifadhi ile skrinshoti, akaifungua kwenye picha za simu, si kwenye kamera. Chini ya picha palikuwa na alama ndogo ya lenzi. Akaigusa. Simu ikaisoma QR iliyokuwa tumboni mwake yenyewe, ikaleta anwani. Binti hakuibonyeza papo hapo. Aliisoma kwanza, akamwonyesha Mama Wembe.

"Hili ni jina la chuo chake?"

"Ndilo."

"Basi bonyeza."

Ukumbi ukatokea, mwanga, mapambo, sauti ya kipaza. Mama Wembe aliinamia simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona watu wakisimama. Aliona mabega, migongo, mtu akikunja zulia. Mtangazaji aliwashukuru wote waliofika, akawatakia safari njema.

"Ulikuwa unajua," alimwambia binti wa kucha polepole. "Tangu mwanzo."

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Ukasema niulizwe rangi ya waridi."

Profesa alikumbuka kwamba ana miadi mahali. Mwalimu alijitazama kucha. Mama Wembe alilichukua chanuo, akasuka ile nusu ya pili, na waliokuwepo wanasema mistari ya upande ule haikunyooka.

Binti yake alipopiga simu jioni, akauliza, "Mama, uliniona?"

"Niliona zulia," alisema Mama Wembe. "Zuri sana. Lilikunjwa vizuri."

Akamweleza yote, na hakujificha. Binti alicheka, kisha akasema atakuja na joho lake kabla hajalirudisha.

Alikuja kweli. Mama Wembe alisukuma viti pembeni, akamwamuru aingie kutoka mlangoni mpaka kwenye beseni la kuoshea nywele. Alihitaji mtu wa kuita jina, na Profesa alikwisha kusafisha koo.

"Wewe kaa," Mama Wembe alimwambia. Kisha akageukia kona. "Binti wa kucha. Naomba uite wewe."

Hakumwita Kichwa Maji. Samahani pia hakuisema, na binti hakuingoja. Alisimama juu ya kiti chake, akaita jina la mhitimu kwa sauti iliyowashangaza wote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisikia ikipazwa. Mhitimu akatembea, joho likiburuta vipande vya nywele vilivyobaki sakafuni.

"Inua miguu," mama yake alifoka, machozi yanamtiririka. "Umesomea uuguzi, hukusomea kufagia!"