Jicho la Kupimia Ukuta

Kama kulikuwa na mtu mjini Butembo aliyejua kujipendelea, ni Mathe, fundi wa kujenga. Ukuta ukipinda, kosa ni la kamba. Ukisimama, sifa ni zake. Kaka yake mkubwa, Ananie, aliyemfundisha kazi tangu baba yao alipofariki, alimvumilia miaka kumi na miwili. Siku alipochoka, alimwambia mbele ya mwenye nyumba abomoe safu tatu za matofali.

Mathe akapandwa na hasira. Kwanza alimrushia kaka yake udongo wa kujengea, shati likachafuka. Ananie akajipangusa, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza, maana Mathe alimfuata akamtandika ngumi ya jicho la kushoto.

Hadassa, mke wa Ananie, alipeleka mashtaka siku ile ile. Muuguzi wa kituo cha afya akaandika karatasi: kope limevimba, kazi inawezekana. Baada ya juma moja Ananie alirudi kazini, ndugu wakapeana mikono mbele ya ukoo, kuku akaliwa. Marafiki waliomshauri Mathe akimbilie mji wa Beni akaendeshe pikipiki wakaacha.

Ila Mathe aliona jambo. Fundi anayepima ukuta kwa timazi, ule uzi wenye chuma kizito nchani, hufumba jicho moja. Maisha yake yote Ananie alifumba la kulia na kupima kwa la kushoto. La kulia, alizoea kutania, ni la kuchungulia chungu. Sasa, siku aliyorudi kazini, alikuwa akifumba la kushoto. Mchana huo huo alimimina chai pembeni mwa kikombe, akasingizia upepo, na upepo haukuwepo.

Mathe hakumuuliza, kwa sababu aliogopa jibu. Majuma mawili alikula bila hamu, akajichukia, akawa mpole kazini hata watu wakamshangaa. Kila timazi ilipoteremka, yeye alitazama chini.

Ndipo barua ikaja, maana mashtaka ya Hadassa hayakuwa yamefutwa: yeye na ndugu wote wawili waitwa kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliyewapokea ni mwendesha mashtaka mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani, aitwaye Élise. Aliwaketisha kwenye benchi moja, karani wake akaandaa kalamu.

“Mathe, sikiya muzuri,” alisema. “Kama ungeishia kwa ile udongo, sheria inaita *violences légères*, fujo ndogo. Hapana mutu alipigwa, hapana kidonda. Siku saba ya gereza, haipite pale. Lakini ulipiga. Basi tuko kwa *coups et blessures simples*, kupiga na kuumiza kwa kawaida: siku munane mpaka miezi sita. Na kama ngumi iliacha mutu na ugonjwa, ao hawezi tena kutumika kazi yake, ao kiungo kimekufa kabisa, ni *aggravés*, ile ya kuzidi: miaka mbili mpaka tano.”

“Ngumi ilikuwa moja tu, Mama Magistrat.”

“Ni moja. Kile ilifanya kwa mwili njo kinaamua.”

“Hata kama sikutaka kumuharibia jicho?”

“Ulitaka kupiga. Inatosha.” Akamgeukia Ananie. “Baba, hii karatasi ya muuguzi ni ya siku ya kwanza. Leo jicho iko namna gani?”

“Iko muzima,” alisema Ananie. “Naona muzuri.”

Kalamu ya karani ikaanza kutembea. Chini ya benchi Ananie alimgusa Mathe mguu, kama alivyokuwa akimgusa kanisani utotoni ili anyamaze. Hadassa aliinamia sakafu, na Mathe akaelewa kwamba naye anajua, na kwamba majuto ya kushtaki yalikuwa yamemfunga mdomo. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Wote wawili walikuwa wamekubali kuibeba aibu yake, na hilo lilimuuma kuliko gereza.

“Mama Magistrat, hapana,” alisema. “Yaya, kaka yangu huyu, anadanganya juu ya kunilinda. Ile jicho haione tena. Hapimi tena ukuta nayo.”

“Nyamaza, Mathe,” alisema Ananie kwa sauti ndogo.

“Nilinyamaza majuma mbili.”

Élise alivua miwani, akamzuia karani kwa kiganja. Hakukemea mtu. Aliandika mwenyewe barua ya kumtaka daktari wa macho ampime Ananie. “Daktari njo atasema kama jicho imekufa,” alisema. “Hapana weye, hapana miye. Weye, Mathe, utabakia hapa.”

Polisi aliyekuwa mlangoni akaingia, akamwambia atoe vitu mfukoni. Kulikuwa na kitambaa, penseli, na timazi ya baba yao, ambayo Mathe aliichukua zamani bila kuomba. Aliomba ampe kaka yake, akaruhusiwa.

“Utajenga na nani?” Mathe alimuuliza.

Ananie alinyoosha mkono kuipokea timazi, vidole vikafumba hewani, karibu kabisa na uzi. Mathe akausogeza uzi mpaka ukamgusa kiganjani.