U Mbili za Mama Yangu

Mimi nimeishia darasa la nne, na gesti ya tofali za kuchoma pale karibu na stesheni ya Mpanda nimeijenga kwa nguvu zangu. Hakuna msomi aliyenishikia hata mwiko. Nasema mapema, mtu asije akadhani yule mwalimu wa chuo kikuu nilimkasirikia kwa wivu. Nilimkasirikia kwa sababu alimnyima binti yangu kazi, na alimnyima kwa ajili ya u.

Alikuja miaka ya tisini na redio kaseti yake, akapanga kwangu. Alikuwa anachunguza jinsi watu wanavyotofautiana kutamka Kikonongo, lugha yetu: wazee wa vijijini, watu wazima wa mjini, na vijana. Akamrekodi mama yangu, ambaye nilikuwa nimemleta kutoka kijijini upande wa Inyonga. Akanirekodi mimi. Akamrekodi binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa tu nyumbani bila kazi. Tena alihitaji msaidizi wa kuzunguka naye na kuandika yaliyomo kwenye kanda za wazee.

"Mwalimu, usihangaike," nikamwambia. "Kikonongo safi kimo humu humu ndani."

"Nitamjaribu binti kwanza, mzee."

Akamjaribu ukumbini, mbele yetu wote. Kikonongo cha mama kina u mbili. Moja unabana midomo, kama ya Kiswahili. Nyingine imelegea, inakaribia o lakini haifiki. Hata i ni mbili vile vile. Yapo maneno yanayotenganishwa na hizo u tu, basi. Mwalimu akapiga kanda ya mama, neno moja moja, peke yake, binti aseme maana yake ni ipi kati ya mbili. Binti akawa anabahatisha. Mwalimu akapiga kanda ya binti mwenyewe, maneno yale yale. Hata humo hakujua alikuwa amesema lipi!

Sasa kulikuwa na msichana wa kijijini aliyekuja na mama kumpikia, darasa la saba tu. Akasimama mlangoni na unga mikononi, akajibu yote bila kufikiri.

"Dada, mbona yanatofautiana kabisa!" akacheka. "Masikio umeyaacha sokoni?"

Kazi akapewa yeye.

Nililipuka. "Mwanangu anaongea na bibi yake kila siku! Lini walishindwa kuelewana?"

"Hawashindwi, mzee. Kwenye sentensi maneno ya jirani yanamsaidia. Ila vijana wengi wa mjini, waliokua wakiongea Kiswahili, u zao mbili zimeungana. Siyo kosa, ndicho nilichokifuata huku. Lakini anayeandika kanda za wazee lazima azisikie zote mbili."

"Kwa hiyo mwanangu ni wa kuchunguzwa, siyo wa kuajiriwa?"

"Hata wewe nakuchunguza." Alikuwa anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonimaliza. "Ukisoma orodha ya maneno polepole unazitenganisha kidogo. Ukisimulia ulivyotajirika, zinaungana. Na nadhani masikio yako hayazitenganishi kabisa. Nikujaribu?"

Nijaribiwe mimi, kwenye ukumbi niliousakafia mwenyewe! Mwalimu alikuwa amekodi pikapu yangu kwenda Inyonga kurekodi wazee. Nikachukua funguo mezani. "Pikapu haiendi." Wakadandia lori la magogo, mwalimu na yule msichana wake, redio kaseti wameipakata kama mtoto mchanga.

Binti yangu hakulia. Aliniuliza, "Baba, si wewe ulinikataza? Nikisema kama bibi ulikuwa unanifokea mbele ya wateja."

Nilimkataza, ndiyo, na ningemkataza tena. Yeye hakuwepo nilipofika Mpanda nikiwa mtoto, nauza karanga stesheni, nikifungua mdomo wapagazi wanaigiza u zangu mpaka abiria wanacheka kwenye madirisha ya behewa. "Mkonongo, hebu sema tena!" Nilijifunza kubana midomo kwa hasira. Nikapata wateja, nikapata duka, nikapata gesti. Leo anakuja mtu na redio kaseti, kilekile nilichochekewa anakiita mali, anakwenda kukitafuta kwa wengine. Walionicheka wako wapi, niwadai kazi ya mwanangu?

Walipoondoka, nikaenda kwa mama jikoni. Alikuwa anachochea kuni mwenyewe, mpishi wake ameshachukuliwa. Nikamwomba aniambie maneno mawili yanayotenganishwa na u tu, polepole.

Akayasema.

"Tena, mama."

Akayasema tena. Nilimkazia macho midomoni. Niliona midomo ikibana, kisha nikaiona ikilegea. Sikioni likaingia neno moja, mara mbili.

"Tena."

"Baba, unanichezea?" akauliza mama, akageukia moto wake.

Nikatoka nje nikalipiga teke gurudumu la pikapu.