Wati Kumi za Mama

Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Kibiti, na kwa miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuwa na subira na watu wanaochezea umeme. Mtu ananiletea simu betri imevimba mpaka mfuniko umefunguka, nikimuuliza aliichajije, ananiambia aliiunga kwenye paneli ya sola, akaiacha juani ipate moto vizuri. Nitamjibu nini? Paneli ndogo juani inatoa volti kumi na nane au zaidi, simu inataka tano. Wingu likipita umeme unashuka, wingu likiondoka unapanda, na simu nayo inawaka na kuzima kutwa nzima bila kujaa. Hayo nimeyasema mara nyingi hadi mke wangu ananiiga ninapokwenda kulala.

Mwenye simu niliyemkasirikia kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi. Kila msimu wa mpunga, mama huhamia bondeni, ng'ambo ya mto kutoka kijiji cha Ruaruke, akakaa kwenye dungu mpaka mavuno, kwa sababu mpunga usiolindwa ni chakula cha ndege mchana na nguruwe usiku. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka pale mpaka kijijini ni mtumbwi mmoja na mwendo wa miguu. Umeme haujafika.

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki, mdogo wangu wa kike alipoteza ujauzito wake wa kwanza. Mama alipata habari siku ya tatu, simu yake ikiwa imezima kwa sababu hakupata mtu wa kumpelekea kijijini ikachajiwe. Alipofika, mdogo wangu alikuwa ameshamaliza machozi. Mama alikaa tu pembeni yake akimpapasa miguu. Sijawahi kumwona mama akiwa mdogo kiasi kile.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposhika mimba tena, nikasema safari hii mama atapatikana. Nikakaa na karatasi. Kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, kinakula kama wati-saa nne kikichajiwa kutoka sifuri, na taa ndogo ya wati tatu kwa saa nne ni kumi na mbili. Jumla kumi na sita. Paneli ya wati kumi ikipata saa nne za jua zuri inatoa arobaini, toa zinazopotea njiani na kwenye joto, zinabaki ishirini na kitu. Inatosha na chenji. Nikaongeza betri ndogo ya volti kumi na mbili, ili simu ichajiwe kutoka kwenye betri iliyotulia, siyo kutoka kwenye jua linalojificha. Katikati nikaweka kontrola, ambayo kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi na kukata umeme betri ikishuka sana. Nilipeleka mwenyewe. Nikaunga betri kwanza, ndipo paneli, nikaielekeza paneli mbali na kivuli cha makuti, nikamwonyesha mama mahali pa kuweka simu ndani, kivulini.

"Ikikata, usiiguse," nilimwambia. "Imekata kwa faida yako."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Nami niliondoka nikijiona bingwa.

Uchungu ulianza asubuhi, mdogo wangu akiwa kwangu. Tukamkimbiza hospitali ya Mchukwi, wakampokea. Nikampigia mama. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mdogo wangu alikuwa ananitazama kutoka kitandani, na nilijua anafikiria nini kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hilo hilo. Nikamwacha na mke wangu, nikachukua bodaboda kuelekea Ruaruke, njia nzima nikipanga maneno ya kumwambia mama. Yalikuwa maneno makali, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Sikufika hata mtoni. Nje kidogo ya kijiji nilimkuta mama anakuja barabarani, kanga imefungwa vizuri, furushi kichwani, anatembea kwa haraka kama mwenye miaka thelathini.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

"Nakufuata wewe. Simu yako imezima."

"Najua. Mwenzio kanipigia kwa simu ya jirani. Kumbe hakukwambia?"

Mke wangu hakuniambia. Alipoona nimetoka na hasira zangu, alifungua daftari lake mahali ambapo mama alikuwa amemwandikisha namba za majirani wote wa bondeni, akapiga ya kwanza, ikaita.

Nilitakiwa kushukuru. Badala yake nikauliza, "Sasa ile betri umeifanya nini?"

Mama akaingia kwenye maelezo huku tukipanda bodaboda, yeye katikati, furushi mapajani. Tangu niondoke, majirani wa madungu ya karibu walikuwa wakileta simu zao. Mwenye perege anakuja na perege, mwenye mlenda anakuja na mlenda, wanakaa, wanazungumza, simu zinajaa. Walikuwa wanane. Tatizo ni kontrola. Simu ya mgeni ikifika nusu, kontrola inakata.

"Nikaona aibu," mama alisema. "Mtu kapita kwenye matope kaja kwako, umrudishe na simu nusu? Kile kidude kina roho mbaya. Nikamwambia jirani akiruke. Akaifunga chaja ya simu ya kwenye gari moja kwa moja kwenye betri."

Hapo ndipo betri ilipokufa. Chaja ya gari haijui kusema basi. Iliinyonya kila siku mpaka chini kabisa, na betri ya aina ile haivumilii hilo mara nyingi. Paneli ya wati kumi nayo isingeweza kuijaza tena kwa siku moja, hata iwe kiangazi.

"Na simu yako mbona hukuichaji wakati betri bado ni nzima?"

"Yangu ilikuwa ya mwisho. Wageni kwanza."

Iliyoita asubuhi ile ilikuwa simu ya mmoja wa wageni hao.

Tulifika hospitali kabla ya adhuhuri. Mdogo wangu alipomwona mama mlangoni, alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, na mama akaliweka furushi chini akaenda kumshika. Mie nikatolewa nje.

Kwenye benchi nilitoa karatasi, maana sijui kukaa bure. Simu nane na ya mama tisa, tatu kati yake za kisasa, kila moja ya kisasa na wati-saa zake ishirini. Na taa. Ikaja kama mia kwa siku wakija wote pamoja. Paneli ya wati hamsini, basi, na betri mara tatu ya ile, ili nusu yake tu itumike na siku ya mawingu isitushike. Kontrola mpya, na chaja ya gari nitaondoka nayo mwenyewe. Nilikuwa nimepima simu ya mama. Mama sikumpima. Kosa hilo ni la kwangu, na nililiandika hivyo kwenye karatasi.

Baada ya alasiri mama akatoka, macho mekundu, anacheka.

"Wa kike. Wazima wote wawili. Nipe simu yako, bondeni wanasubiri."

Nikampa. Alimpigia wa kwanza kwenye daftari la mke wangu, akamsimulia yote tangu asubuhi, akampigia wa pili, akaanza upya. Kwa wa tano alikuwa bado anaeleza jinsi mtoto alivyofanana na bibi yake, simu yangu ikazima mkononi mwake.