Mshahara wa Vyumba Vinane

Miaka yote niliyofanya kazi Doha, mpango wangu ulikuwa mmoja: nikirudi, kodi ya vyumba vyangu vinane pale Noonkopir ndiyo itakuwa mshahara. Niliporudi, dada yangu, aliyesimamia ujenzi na sasa ndiye keateka, msimamizi wa wapangaji, alisoma daftari langu la hesabu akiwa jikoni kwake.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Namba nane, ile ya kona."

"Basi andika saba. Na chumba kikikaa tupu mwezi mzima? Na maji ya boza, yale ya lori, analipa nani?"

Kila swali lilifuta mstari. Nikakasirika, nikamwambia basi hata namba nane ipangishwe, nione kama atanyamaza. Kesho yake alileta mpangaji.

Sasa ni wiki ya sita nalala kwenye sofa lake, nikipanga biashara ya kuku. Juzi nilikuwa nachungulia tangi la maji uani kwenye ploti yangu, mpangaji wa namba nane akanionea huruma.

"Mama, unatafuta nyumba? Ongea na keateka. Ni mkali kidogo, lakini hapa ni pazuri. Landilodi mwenye ploti ako majuu, huko ng'ambo, hatusumbui."